Kubashiri palipokosewa

Tarehe 31 Desemba 2008 vicheza muziki vya Zune vya gigabaiti 30, bidhaa ya Microsoft, viliganda kwa pamoja. Mtu akiwasha chake, kinaishia kwenye skrini ya kuwakia na hakiendi mbele. Ushauri wa kampuni ulikuwa wa ajabu kidogo: acheni betri iishe kabisa, subirini hadi saa tisa alasiri ya tarehe 1 Januari kwa saa za Afrika Mashariki, kisha chajini na kuwasha. Waliofuata ushauri huo walikuta vyombo vyao vizima kana kwamba hakuna lililotokea.

Chanzo kilikuwa kipande kifupi cha msimbo wa saa ya ndani. Kazi yake ni kupokea idadi ya siku zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1980 na kutoa mwaka tuliomo. Kwa ufupi kilikuwa hivi:

```
while (days > 365) {
    if (IsLeapYear(year)) {
        if (days > 366) {
            days -= 366;
            year += 1;
        }
    } else {
        days -= 365;
        year += 1;
    }
}
```

Maadamu siku zilizobaki zinazidi 365, programu inapunguza siku za mwaka mmoja na kusogea mwaka unaofuata. Ukiwa mwaka mrefu, inapunguza 366. Sasa ifuate siku ya mwisho ya mwaka 2008, ambao ulikuwa mrefu. Siku zilizobaki ni 366 kamili. Zinazidi 365, kwa hiyo programu inaingia ndani ya mzunguko. Mwaka ni mrefu, kwa hiyo inauliza kama siku zinazidi 366. Hazizidi. Basi haipunguzi chochote, inarudi juu, inakuta bado ni 366, inaingia tena, na kuendelea hivyo bila mwisho. Kesho yake siku ni 367, sharti linatimia, na chombo kinaamka.

Zune ya kwanza iliingia sokoni Novemba 2006, kwa hiyo 2008 ulikuwa mwaka mrefu wa kwanza katika maisha yake. Mtu angeweza kuipima mwaka mzima wa 2007 asione kitu. Angeweza hata kutamba kwamba kila mstari wa msimbo umeshafanya kazi walau mara moja, na akawa anasema kweli, maana tarehe yoyote ya kawaida ya 2007 inapitisha programu kwenye miaka mirefu na mifupi tangu 1980. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: siku ya mwisho ya mwaka mrefu je?

Swali la namna hiyo ndilo linaloitwa kubashiri kosa. Mpimaji anatazama programu, anakumbuka mahali ambapo waandishi wa programu huteleza, kisha anatunga jaribio la kupagusa mahali hapo hapo. Glenford Myers, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu upimaji wa programu, alikiri kwamba ni vigumu kuipangia mbinu hii hatua za kufuata, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni hisi ya mtu aliyeiva kazini. Ila mfano alioutoa unaonyesha kwamba si ramli. Ukipewa programu ya kupanga orodha kwa mfuatano, alisema, jaribu orodha tupu, jaribu orodha yenye kitu kimoja, jaribu orodha ambayo vitu vyote vinalingana, na jaribu orodha iliyokwisha kupangwa. Hali hizo hazitajwi na aliyeagiza programu, lakini ndizo ambazo mwandishi husahau kwa sababu kichwani mwake orodha ina vitu vingi, tofauti tofauti, vilivyovurugika.

Maelezo yanaishia wapi

Mbinu rasmi za upimaji huanzia kwenye maelezo ya kazi, yaani ile hati inayosema programu ifanye nini. Chukua mfano wa kubuni wa programu ya simu ya chama cha akiba na mikopo. Hati inasema mwanachama aandikishwe kwa jina lake, na kwamba anaweza kulipa marejesho ya kuanzia shilingi 1,000 hadi 5,000,000 kwa mara moja. Mpimaji anayefuata mbinu rasmi atagawa viwango katika mafungu matatu: vilivyo chini ya kima, vinavyokubalika, na vilivyozidi. Kisha atabana mipaka, maana kwenye mipaka ndiko kosa la kuandika "inazidi" badala ya "inazidi au kulingana" linakojitokeza. Atalipa 999 na kutarajia kukataliwa, 1,000 na kukubaliwa, 5,000,000 na kukubaliwa, 5,000,001 na kukataliwa. Hiyo ni kazi nzuri na haina mbadala. Anayeruka hatua hii akakimbilia kubashiri atanasa kasoro za kuvutia na kuacha za wazi.

Lakini mbinu hizi zina ukomo mmoja: haziwezi kugawa mafungu ya jambo ambalo hati haikulitaja. Hati haisemi kitu kuhusu mtandao kukatika katikati ya malipo, wala kuhusu seva iliyoko nchi nyingine, wala kuhusu herufi za majina. Hapo ndipo uzoefu unapoanza kazi, na tutazame mambo matatu ambayo mpimaji wa kwetu angeyashuku.

La kwanza ni jina. Afrika Mashariki imejaa majina yenye ritifaa: Ng'wandu, Nyong'o, Ndung'u, na mahali kama Murang'a. Sasa lugha ya SQL, inayotumiwa kuzungumza na hifadhidata, nayo hutumia alama hiyo hiyo kuonyesha neno linapoanza na linapoishia. Mwandishi asiyejihadhari, akiunganisha tu jina alilopokea na amri yake, anatuma hivi:

```
INSERT INTO wanachama (jina) VALUES ('Ng'wandu');
```

Hifadhidata inasoma `'Ng'`, inaona neno limekwisha, halafu inakutana na `wandu` ambayo haielewi, na amri nzima inakataliwa. Mwanachama anaambiwa "hitilafu imetokea, jaribu tena", na hata akijaribu siku nzima hataandikishwa. Asha na Juma wanapita bila shida, kwa hiyo kama mpimaji anatumia majina ya Asha na Juma kila siku, hatajua. Na tatizo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mlango unaoangushwa na jina la mtu wa kawaida ndio huo huo ambao mhalifu anaweza kuutumia kuingiza amri zake mwenyewe kwenye hifadhidata. Dawa yake inajulikana: jina lisiunganishwe na amri, bali lipelekwe kando kama data.

Kasoro hiyo ikishatibiwa, mpimaji mzoefu haondoki. Anajua kwamba kibodi za baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, ’, badala ya ile iliyonyooka, '. Kwa macho zinafanana, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Ataandikisha mwanachama kwa ritifaa moja na kumtafuta kwa nyingine. Kama hapatikani, karani atamwandikisha upya, na chama kitakuwa na mtu mmoja mwenye akaunti mbili.

La pili ni kitufe cha "Lipa". Mtu mwenye mtandao wa kusuasua akibonyeza na asione kitu, atabonyeza tena. Wabashiri wengi wanalijua hili, na waandishi wengi hulitibu kwa kukizima kitufe baada ya kubonyezwa mara moja. Kuna hali mbaya zaidi ambayo kuzima kitufe hakuigusi. Ombi la malipo linafika kwenye seva, seva inaandika malipo kwenye leja, kisha mtandao unakatika kabla jibu halijarudi kwenye simu. Simu haijui kilichotokea. Inasubiri, inachoka, inaandika "Imeshindikana, jaribu tena". Mwanachama anajaribu tena, na leja inapata mistari miwili: mwanachama yule yule, kiasi kile kile, sekunde chache kati yake.

Namna ya kulijaribu hili ina ujanja wake. Ukiweka simu kwenye hali ya ndege mara tu baada ya kubonyeza, mara nyingi ombi lenyewe halifiki, na utadhani programu iko salama. Njia ya uhakika ni kumwomba mwandishi wa programu aicheleweshe seva: iandike malipo, halafu ikae na jibu muda mrefu kuliko simu inavyoweza kuvumilia. Kisha bonyeza "Jaribu tena" na ufungue leja, maana skrini ya simu haitakwambia ukweli. Lazima uone mstari mmoja tu. Tiba sahihi ni simu kulipa kila ombi namba yake ya pekee kabla ya kulituma, na kulirudia kwa namba hiyo hiyo, ili seva itambue kwamba hili imeshalishughulikia. Zipo tiba za haraka haraka, kama vile kukataa malipo mawili ya kiasi kimoja ndani ya dakika tano. Kwa hiyo jaribio lina nusu ya pili: mwanachama alipe 20,000 kwa ajili ya mkopo wake, na mara moja alipe 20,000 nyingine kwa makusudi. Zote mbili lazima zipokelewe.

La tatu ni saa. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mwanachama anayelipa saa saba na nusu usiku kuamkia tarehe 1 Julai, kwenye seva amelipa tarehe 30 Juni saa 22:30. Kama mwandishi alisahau kuibadili saa kabla ya kutengeneza ripoti, stakabadhi itasema Julai na ripoti ya mwezi itasema Juni, na mhasibu atahangaika na hesabu zisizofunga. Kinachofanya kasoro hii idumu ni kwamba inaonekana ndani ya dirisha la saa tatu tu, kati ya saa sita na saa tisa usiku. Nje ya dirisha hilo tarehe za pande zote mbili zinalingana. Wapimaji wanaofanya kazi mchana wanaweza kurudia jaribio la malipo kila siku ya mwaka bila kuikuta. Anayeishuku hasubiri usiku, anarudisha saa ya mashine ya majaribio ifike dakika chache baada ya saa sita usiku wa mwisho wa mwezi, analipa, na kulinganisha stakabadhi na ripoti.

Kutoka kichwani hadi kwenye karatasi

Kubashiri kuna udhaifu unaojulikana: kunakaa kichwani mwa mtu. Yule aliyewahi kuumizwa na ritifaa akihama ofisi, swali la ritifaa linahama naye. Na hata akiwapo, siku ya kutoa toleo jipya kuna haraka, simu zinaita, na mtu husahau hata lile analolijua vizuri. Orodha ya ukaguzi ndiyo dawa ya hali zote mbili.

Ushahidi mzuri wa nguvu ya orodha umetoka nje ya kompyuta, na sehemu yake imetoka Tanzania. Kati ya 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane za miji minane, zikiwamo za London, Seattle, Manila na Ifakara mkoani Morogoro. Ilikuwa na mambo 19, yaliyogawanywa katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa hospitali zote kwa jumla. Orodha haikuwafundisha madaktari jambo geni. Kila mmoja wao alijua kwamba mgonjwa athibitishwe jina na kwamba pamba zihesabiwe. Ilihakikisha tu kwamba linalojulikana linafanyika, kila mara, kwa wakati wake.

Mafunzo ya kutengeneza orodha ya upimaji yamo humo humo: iwe fupi, kila jambo liweze kujibiwa peke yake, na liulizwe mahali panapohusika. Orodha nyingi za maofisini hufeli jaribio hili. Zina mistari kama "Hakikisha usalama upo" au "Programu iwe rahisi kutumia". Mpimaji aliyechoka anaweka tiki na kuendelea, kwa sababu mstari haumwambii afanye nini wala ataonaje kwamba kuna kasoro. Kwa programu yetu ya chama cha akiba, orodha inayofaa ingekuwa na maswali ya namna hii:

- Je, mwanachama mwenye ng' katika jina anaandikishwa, na anapatikana ukimtafuta kwa ritifaa iliyonyooka na iliyopinda?
- Je, namba ya simu ileile ikiandikwa kwa 0, kwa 255, kwa +255, na kwa nafasi katikati, inamfikia mtu mmoja?
- Je, jibu la seva likichelewa na mtu akajaribu tena, leja inabaki na mstari mmoja?
- Je, malipo mawili halali ya kiasi kimoja yanapokelewa yote?
- Je, malipo ya baada ya saa sita usiku mwisho wa mwezi yanaonekana katika tarehe moja kwenye stakabadhi na kwenye ripoti?
- Je, hesabu za riba zinakubali tarehe 29 Februari na siku ya 366 ya mwaka?

Kila swali hapo lina kitendo cha kufanya na mahali pa kutazama. Kila moja pia lina asili. Ni busara kuandika pembeni ya swali lilizaliwa na kasoro gani, ili atakayerithi orodha ajue kwa nini lipo na lini limekwisha kazi.

Maana orodha nayo huzeeka. Mwaka 1990 Boris Beizer aliifananisha hali hii na dawa ya wadudu shambani: wanaobaki ni wale ambao dawa ile haiwaui. Katika upimaji sababu yake ni ya kibinadamu. Waandishi wa programu hujifunza. Mtu aliyerudishiwa kazi mara tatu kwa sababu ya ritifaa hatailipa nafasi ya nne, na swali la ritifaa litaanza kujibiwa "sawa" toleo baada ya toleo. Orodha inakuwa ndefu, inajibiwa yote, na kasoro mpya zinapita pembeni yake. Dalili ya orodha iliyozeeka ni hiyo: tiki zimejaa, na bado malalamiko ya watumiaji yanakuja kuhusu mambo ambayo hayamo.

Mambo ambayo mbinu hizi haziwezi kukwambia

Meneja akimuuliza mpimaji aliyetumia mbinu rasmi amefika wapi, atajibiwa kwa hesabu: mafungu yote matatu yamejaribiwa, mipaka yote minne imeguswa. Aliyebashiri hana jibu la aina hiyo. Hakuna idadi kamili ya mambo yanayoweza kubashiriwa, kwa hiyo hakuna asilimia ya kutaja. Akisema "nimejaribu niliyoyashuku na sikukuta kitu", maana yake ni hiyo tu, na asiyeelewa atadhani amehakikishiwa usalama.

Jambo la pili ni kwamba watu wawili wakipewa orodha moja watafanya mambo tofauti. Swali la kuchelewa kwa jibu, mmoja atalijaribu kwenye malipo, mwingine kwenye kuomba mkopo. Kwa kunasa kasoro hiyo ni faida, kwani eneo linalopitiwa ni pana zaidi. Kwa kurudia jaribio ni hasara, kwani kesho hakuna ajuaye hasa nini kilifanyika. Kwa hiyo anayebashiri aandike wakati ule ule: aliingiza nini, kwa simu gani, saa ngapi, na aliona nini. Bila hayo, kasoro aliyoikuta inaweza kukataliwa na mwandishi wa programu kwa maneno mawili: "kwangu inafanya."

Na uzoefu wenyewe una upendeleo. Aliyekulia kwenye programu za benki atashuku fedha na kusahau mtumiaji asiyeona vizuri. Ndiyo maana orodha bora hutungwa na watu wa asili mbalimbali: karani anayepokea malalamiko, mtu wa seva aliyewahi kuamshwa usiku, na mwandishi wa programu anayejua fika ni sehemu gani aliiandika kwa haraka.

Kinachoweka utaratibu huu wote hai ni kile kinachofanyika kasoro inapogunduliwa na mtumiaji baada ya programu kutoka. Kuitibu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuliza ilipitaje. Kama hati ya maelezo ilikuwa kimya, basi hati iongezwe mstari, na tangu hapo mbinu rasmi zitaikamata zenyewe. Kama inaweza kukaguliwa na mashine, kama lile jina la Ng'wandu, basi liandikwe jaribio linalojiendesha kila msimbo unapobadilishwa, na swali litolewe kwenye orodha ya watu. Yanayobaki, yale yanayohitaji jicho na shaka ya binadamu, ndiyo yakae kwenye orodha. Ikiendeshwa hivyo, orodha haivimbi: kila swali linalopata makao kwingine linaacha nafasi kwa lile ambalo bado hakuna aliyelifikiria.